Dipoziti ya mteja sio mapato, na hela uliyotuma hotelini bado sio gharama

Mi kazi yangu ni vitabu vya kampuni za safari, zile zinazouza pakeji nzima, yaani hoteli, gari, muongozaji na viingilio, mteja analipa hela moja basi. Nikifungua vitabu vya kampuni mpya kuna kitu nakikuta mara nyingi mno. Kuna mwezi una faida kubwa hadi bosi anafurahi, ukienda kuangalia kalenda ya safari unakuta mwezi huo karibu hamna mtu aliyesafiri, alafu miezi miwili mbele, magari yote yako barabarani na ofisi haina hata mtu wa kupokea simu, vitabu vinaonyesha hasara. Hamna mtu aliyeiba. Ni kwamba hela ilipoingia benki ikaandikwa mapato, na hela ilipotoka kwenda hotelini ikaandikwa gharama, siku ileile ilivotokea.

Sa biashara ya safari ina tabia yake, hela inatembea mbele ya kazi. Mteja anabuki leo safari ya miezi minne ijayo na analipa kidogo, salio analipa mwezi mmoja au miwili kabla ya kuondoka. Hoteli nazo zinataka dipoziti yao ili zishike vyumba. Mwenye gari anataka nusu kabla, nusu akirudi. Kwahiyo ukifata benki tu utakua unasoma lini watu walilipana, ambayo ni habari nzuri lakini haikwambii kama kampuni inapata faida.

Namna inavyotakiwa kukaa ni kwamba kila bukingi ina droo mbili. Droo ya kwanza inaitwa amana za wateja, hii ni deni, kwa sababu umepokea hela na hujafanya kitu, mteja anakudai safari. Droo ya pili ni malipo ya awali kwa masapulaya, hii ni mali yako, kwa sababu umewalipa hoteli na wao hawakudai, wewe ndo unawadai vyumba. Droo zote mbili zinajaa polepole kadri siku zinavoenda na hazigusi faida hata kidogo. Ikifika tarehe ya kusafiri zinafunguliwa pamoja, ya kwanza inamwagika kwenye mapato, ya pili kwenye gharama. Neno la muhimu hapo ni "pamoja". Makosa mengi nayoyaona sio ya mtu asiyejua kwamba dipoziti ni deni, hilo siku hizi wengi wanalijua, ni ya mtu aliyefungua droo moja akasahau nyingine.

Tuchukue bukingi moja tuifate mpaka mwisho. Namba zangu naziandika bila jina la sarafu maana hesabu ni ileile popote.

Kikundi cha watu 8, kila mmoja 2,000, jumla 16,000. Wanaondoka tarehe 28 Desemba, wanalala usiku 8, wanarudi 5 Januari. Hoteli itachukua 6,800, gari 2,800, muongozaji na viingilio 2,400. Jumla ya gharama 12,000, kwahiyo faida ni 4,000, robo ya bei. Hiyo robo ikumbuke, tutaihitaji.

Tarehe 10 Septemba kikundi kinalipa dipoziti ya asilimia 30, yaani 4,800. Debiti benki, krediti amana za wateja, namba ya bukingi imeandikwa pembeni. Tarehe 20 Septemba hoteli inalipwa robo yake, 1,700, debiti malipo ya awali, krediti benki, namba ya bukingi ileile. Tarehe 20 Novemba kikundi kinamalizia 11,200, amana sasa inasoma 16,000. Tarehe 28 Novemba hoteli inamaliziwa 5,100. Tarehe 5 Desemba mwenye gari anapewa nusu yake 1,400, na asubuhi ya kuondoka muongozaji anakabidhiwa 2,400 za viingilio na posho yake. Malipo ya awali yamefika 10,600. Nusu ya pili ya gari, 1,400, itakuja kudaiwa kwa invoisi wakisharudi.

Angalia sasa yule anayefata benki anaona nini. Septemba ameingiza 4,800 ametoa 1,700, faida 3,100. Novemba ameingiza 11,200 ametoa 5,100, faida 6,100. Kufikia hapo anaamini safari hii imemletea 9,200 na watu bado wako nyumbani kwao. Desemba anatoa 1,400 na 2,400, hasara 3,800. Januari anatoa 1,400 ya gari, hasara tena. Ukijumlisha yote inarudi kuwa 4,000, ileile ya kweli, na ndo maana wengi hawastuki, wanasema mwisho wa siku si inafika palepale. Inafika palepale kama bukingi ni moja na hakuna kitu kinaamuliwa katikati. Lakini katikati kuna mtu anagawana faida ya Novemba, kuna kodi ya mapato inakadiriwa kwa namba ya Novemba, kuna bosi anaona 9,200 anaagiza gari jipya. Na bukingi zinazidi kupandana kiasi kwamba hakuna mwezi ambao unaweza kusema huu umeisha.

Ukienda kwa droo mbili, Septemba faida ya bukingi hii ni sifuri, Oktoba sifuri, Novemba sifuri. Safari ikifanyika, debiti amana 16,000, krediti mapato 16,000. Hapohapo debiti gharama 12,000, krediti malipo ya awali 10,600, na ile 1,400 ambayo bado haijalipwa krediti gharama tunazodaiwa. Droo zote mbili zinasoma sifuri kwa bukingi hiyo, faida 4,000 imetokea. Benki inabaki na 5,400 ya bukingi hii, kati yake 1,400 ni ya mwenye gari na 4,000 ni yako. Kila senti inajulikana ni ya nani.

Ila hapo nimeruka kitu kimoja makusudi, nimesema "safari ikifanyika" kana kwamba ni siku moja. Sio siku moja. Ni usiku 8, na umekatwa katikati na mwisho wa mwaka.

Kampuni nyingi zinaweka kanuni rahisi, mapato yote yanaingia tarehe ya kuondoka. Kuna wanaotumia tarehe ya kurudi. Ukisoma kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IFRS 15, ambacho kilianza kutumika Januari 2018, wazo lake ni kwamba unaandika mapato kadri unavyomkabidhi mteja kile alicholipia, na mteja wa safari anapokea na kutumia huduma hapohapo kadri siku zinavyoenda, chumba cha leo amelala leo. Kwahiyo kwa anayeuza pakeji nzima kwa jina lake, mapato yanasambaa kwenye siku za safari. Katikati ya mwaka, safari ya siku nne ukiiandika yote siku ya kuondoka haidhuru sana, ndani ya mwezi mmoja inajisawazisha. Mimi mwenyewe sipendi kumsumbua mhasibu wa kampuni ndogo agawanye kila safari ya wikiendi. Lakini mwisho wa mwezi unaoripoti, na hasa mwisho wa mwaka, safari zote zinazovuka mstari lazima zikatwe, na kwa bahati mbaya sehemu nyingi mwisho wa Desemba ndo kuna safari nyingi kuliko wakati wowote.

Tukate hii yetu. Usiku wa 28, 29, 30 na 31 ni wa mwaka huu, minne kati ya minane, nusu kamili. Mapato ya mwaka huu ni 8,000. Gharama ni 6,000, yaani hoteli 3,400, gari 1,400, muongozaji na viingilio 1,200. Faida ya mwaka huu 2,000 na nyingine 2,000 inasubiri Januari. Amana inabaki 8,000 kwenye mizania, ni deni halisi, wateja bado wanakudai usiku minne. Malipo ya awali yanabaki 4,600, ambayo ni hoteli 3,400 na muongozaji 1,200. Gari haimo tena humo kwa sababu ile nusu uliyolipa kabla ndo imekwisha kutumika, na nusu iliyobaki inakuwa deni kuanzia usiku wa 1 Januari kwenda mbele. Mkaguzi akija anaomba vitu viwili, orodha ya safari zilizokuwa barabarani tarehe 31 na vocha za hoteli zinazoonyesha tarehe za kulala, akipiga hesabu yake ikafika hapohapo basi hiyo sehemu imeisha.

Sa hebu turudi kwenye 1,400 ya gari, maana hapo ndo droo zinapoachana. Hiyo hela haijatoka benki, invoisi haijaja, hamna karatasi yoyote mezani inayokukumbusha. Mfumo wako ukiwa unaingiza gharama pale tu invoisi inapokuja, safari itafungwa na gharama ya 10,600, faida itasoma 5,400, karibu asilimia 34 badala ya 25. Alafu invoisi inakuja katikati ya Januari na kuangukia kwenye mwezi ambao hauna mapato yake. Dawa ni kuwa na bajeti ya bukingi tangu siku ya kwanza, yaani ile karatasi uliyotumia kupanga bei, hoteli kiasi gani, gari kiasi gani. Tarehe ya kusafiri ikifika gharama inaingia kwa bajeti hiyo, invoisi ikija tofauti kidogo unarekebisha kidogo. Karatasi ya bei ipo tayari kwa muuzaji, shida ni kwamba haimfikii mhasibu, kila mtu anakaa na eksel yake.

Kutambua kama vitabu vya kampuni vina hili tatizo ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Mi naanza na asilimia ya faida kwa mwezi wa kusafiri, sio mwezi wa malipo. Kampuni inayouza pakeji zinazofanana itakuwa inacheza humohumo, ishirini na kitu. Ukiona mwezi una 40 na unaofata una 12, hamna haja ya kutafuta sababu ya kibiashara kwanza, tafuta gharama iliyohamia mwezi wa jirani. Karibu kila mara ni gari au hoteli inayolipwa baada ya safari.

Alafu naomba orodha ya amana, bukingi kwa bukingi, na tarehe ya kusafiri pembeni. Jumla ya orodha lazima ifanane na salio la kwenye leja, isipofanana hatujaanza hata kuongea. Ikifanana, naipanga kwa tarehe ya kusafiri na kuangalia juu. Bukingi yoyote ambayo tarehe yake imepita na bado ina amana ni swali. Aidha safari ilifanyika na mapato hayajaingizwa, au ilisogezwa mbele na mtu hajabadilisha tarehe, au ilikanseliwa na mteja hajarudishiwa hela yake, au ni hela iliyowekwa benki bila jina ikatupwa kwenye bukingi iliyokuwa karibu. Kila moja ya hizo ina ufumbuzi wake tofauti kabisa ndo maana ni kosa kubwa kuzifagia zote kwenye mapato mwisho wa mwaka kwa kusema ni za zamani. Nimeona hilo likifanyika kwenye kampuni moja, mteja akarudi mwaka uliofuata na barua pepe zake zote akitaka safari aliyoisogeza, hela yake ilishakuwa faida ya mwaka uliopita na kodi imelipwa.

Ile orodha pia ina salio zinazokaa upande usio wake. Mteja ambaye amana yake inasoma hasi amesafiri kabla ya kumaliza kulipa, huyo sio amana tena, ni mdaiwa, mtoe umpeleke kwa wadaiwa ili mtu amfatilie. Ukimwacha humo anapunguza deni la wateja wengine na wewe unaona una madeni madogo kuliko yaliyopo.

Orodha ya pili ni ya malipo ya awali, hivohivo, bukingi kwa bukingi. Hapa kuna mtego wa hoteli ambazo kampuni inatuma hela kwa mkupuo, mfano 20,000 mwanzoni mwa msimu, hoteli inakata kidogokidogo kila kikundi kikilala. Ile hela haina namba ya bukingi, kwahiyo safari ikiondoka hakuna kinachoivuta kwenda kwenye gharama. Msimu unaisha, droo ya masapulaya inasoma 20,000, vyumba vyote vimeshatumika. Taarifa ya akaunti kutoka hotelini ndo inasema ukweli hapo, iombe kila mwezi na linganisha na vocha ulizotoa. Mali ambayo hoteli yenyewe inasema imekwisha sio mali.

Kuhusu kukansel, watu wanapenda kuniambia dipoziti yetu hairudishwi, imeandikwa kwenye masharti, kwahiyo ni yetu tangu siku ya kwanza, kwanini isiwe mapato. Haiwi. Kutorudishwa kunakwambia nini kitatokea mteja akijitoa, hakusemi kwamba umeshafanya kazi. Kama mteja hajajitoa bado anakudai safari, na dipoziti ni sehemu ya bei ya safari hiyo. Siku anapojitoa rasmi, na masharti yanakupa haki ya kubaki nayo, hapo ndo wajibu wako unakufa na hela inakuwa mapato kwa tarehe hiyo ya kujitoa, hata kama safari ilikuwa ya miezi mitatu mbele. Na droo ya pili nayo inafunguliwa siku hiyohiyo. Tuseme mtu ameacha 1,500 isiyorudishwa, na wewe ulishatuma hotelini 600 ambayo nayo hairudi, basi 1,500 mapato, 600 gharama, unabaki na 900. Kama hoteli inakubali kuishika ile 600 kwa ajili ya kikundi kingine, inabaki malipo ya awali, ila ihamishe namba ya bukingi maana ya zamani imekufa.

Kusogeza tarehe ni kitu kingine kabisa, hapo hamna mapato hamna gharama, kila kitu kinakaa kilipo, kinachobadilika ni tarehe tu. Na tarehe hii ndo kila kitu. Mifumo mingi ya bukingi inafungua droo yenyewe ikifika tarehe iliyoandikwa, haiulizi kama kuna mtu kapanda gari. Kwahiyo mtu wa mauzo anayekubali kwa simu "sawa tutawasogeza Machi" bila kugusa mfumo, ameingiza mapato ya safari ambayo haijafanyika, na hajui. Mi nawashauri kabla ya kufunga mwezi mtu wa operesheni asaini orodha ya waliosafiri kweli, ni ukurasa mmoja tu, na mapato yaingie kwa orodha hiyo.

Sio kila hela inayopita mkononi mwako ni ya kuingia kwenye mapato kwa ukubwa wake. Kikundi chetu cha watu 8 kingeweza kukuomba uwakatie na tiketi za ndege za kufika, 5,000 jumla, shirika la ndege linakupa kamisheni ya 400. Pakeji wewe ndo unaibeba, umepanga bei mwenyewe, umeunganisha vyumba na gari na muongozaji ukavifanya kitu kimoja, hoteli ikiharibu mteja anakuja kwako na wewe ndo unatafuta chumba kingine, kwahiyo 16,000 yote ni mapato yako na 12,000 ni gharama yako. Tiketi hukuipangia bei, hurushi ndege, ndege ikichelewa hamna unachoweza kufanya, wewe ni wakala. Mapato yako ni 400 tu, na kazi yako ya uwakala kwa kawaida imeisha tiketi ilipokatwa, hausubiri tarehe ya kusafiri. Ile 4,600 nyingine ni hela ya shirika la ndege inayopita. Anayeingiza 5,000 kama mapato hapati faida zaidi, ila mauzo yake yanavimba na ile asilimia ya faida tuliyokuwa tunaichunga inaharibika, kutoka 25 inashuka mpaka 21 bila biashara kubadilika popote.

Kuhusu benki yenyewe, kuna hesabu moja napenda kuifanya kila wiki na haichukui hata dakika tano. Chukua salio la benki, toa amana zote za wateja, ongeza malipo ya awali. Kwa bukingi yetu tarehe 25 Novemba benki ina 14,300, amana 16,000, malipo ya awali 1,700, jibu ni sifuri. Yaani pamoja na kwamba akaunti imenona, hela ya bure kutoka bukingi hii haipo bado. Najua ni kipimo kikali, ndani ya ile amana kuna 4,000 ambayo kama mambo yataenda sawa itakuwa yako, lakini bado haijawa. Jibu likiwa hasi kwa kampuni nzima maana yake wateja wa Machi wanalipia hoteli za wateja wa Desemba, na inawezekana kuishi hivyo miaka mingi kwa sababu msimu unajaza tena kila mwaka, mpaka mwaka ambao bukingi zinapungua. Hapo kampuni yenye faida nzuri tu kwenye vitabu inashindwa kumaliza hoteli ya watu ambao wameshalipa kila kitu. Ndo sababu sehemu nyingine sheria haziachi jambo hili kwa busara ya bosi. Umoja wa Ulaya kwa mfano, kwenye direktivu yake ya mwaka 2015 ya safari za pakeji, unamlazimu muuzaji awe na dhamana ya kuwarudishia wateja hela yao akifilisika, na Thomas Cook ilipoanguka tarehe 23 Septemba 2019, mfuko wa dhamana wa Uingereza ndo uliolipia kuwarudisha wengi wa waliokwama. Kutenga akaunti ya benki ya hela za wateja sio lazima kila mahali, lakini ukitenga, ile hesabu ya kila wiki inajifanya yenyewe.

Nimalizie na sarafu maana wanaopokea hela za kigeni wananiuliza hili kila mara na mifumo yao inawadanganya. Tuseme ile 16,000 ililipwa kwa sarafu ya kigeni na vitabu vyako viko kwa sarafu ya kwenu. Tarehe 10 Septemba kiwango cha kubadilisha kilikuwa 100, tarehe 20 Novemba 104, siku ya kuondoka 110. Mapato utaandika kwa kiwango gani? Wengi wanasema cha siku ya kuondoka kwa sababu mapato ndo yanaingia siku hiyo. Hapana. Mteja akishakulipa kabla, deni ulilonalo sio la kumrudishia hela, ni la kumsafirisha, na usiku minane hauna kiwango cha kubadilisha. IFRIC 22, ambayo ni ufafanuzi wa viwango vya kimataifa vya uhasibu, iliyoanza kutumika nayo 2018, inasema kiwango cha kubadilisha ni cha siku uliyopokea kila malipo. Kwahiyo 4,800 mara 100 ni 480,000, na 11,200 mara 104 ni 1,164,800, mapato yako ni 1,644,800, yameshajulikana tangu Novemba na hayatasogea. Ungetumia 110 ungeandika 1,760,000, na tofauti ya 115,200 ungelazimika kuitafutia pa kuiweka kama hasara ya sarafu ambayo haikutokea. Upande wa hoteli ni hivohivo, dipoziti uliyotuma kwa hela ya kigeni inakaa kwa kiwango cha siku uliyoituma.

Shida ni kwamba programu nyingi za uhasibu mwisho wa mwezi zinachukua kila akaunti yenye sarafu ya kigeni na kuithaminisha upya, benki, wadaiwa, amana, zote kwa pamoja. Benki ni sawa, ile ni hela. Amana na malipo ya awali hazitakiwi kuguswa. Ukiona kwenye ripoti hasara ya sarafu inapanda kila msimu wa bukingi na kupotea msimu wa safari, ndo hiyo. Unaenda kwenye mpangilio wa hizo akaunti mbili na kuzitoa kwenye orodha ya kuthaminishwa, au kama programu haikuruhusu unazifungua kwa sarafu ya kwenu na kuandika kiasi cha kigeni kwenye maelezo. Isipokuwa bukingi iliyokanseliwa ambayo umekubali kumrudishia mteja hela ya kigeni, hiyo kuanzia siku hiyo imekuwa deni la hela kweli, ihamishe kwenye akaunti ya marejesho na huko iache ithaminishwe kila mwezi mpaka umlipe.